Kebo ya chini ya ardhi kati ya nyumba na banda inapovuja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika yakishika Malindi, simu ninazopokea hufanana: "Fundi, stima inajizima kila mvua ikinyesha, na hata tukizima breka ya banda bado inajizima." Maswali ya ukurasa huu ni yale ambayo wenye nyumba na vijana wanaojifunza kazi hunirudia kila mwaka. Kebo ninayoizungumzia ni ile ya mita 20 hadi 60 inayotoka kwenye boksi la breka la nyumba, ikapita chini ya mchanga, ikaibukia kwenye jiko la nje, chumba cha pampu, chumba cha mlinzi au stoo. Yote hayo nitayaita banda.

## Dalili na tahadhari

1. Nitajuaje kwamba shida iko upande wa banda na si ndani ya nyumba?

Hapa dalili inayosaidia kuliko zote ni wakati. Ikiwa breka ya mvujo (ile yenye kitufe cha majaribio kilichoandikwa T) hujizima mvua ikinyesha au baada ya bustani kumwagiliwa maji, kisha ikatulia jua likiwaka siku mbili tatu, kuna mahali maji yanaifikia shaba. Ndani ya nyumba yenye paa zima mahali hapo ni pachache. Nje kuna kebo iliyozikwa, taa za geti, soketi ya pampu na jointi ambazo pengine hakuna anayekumbuka nani alizifunga.

Hata hivyo dalili hukuelekeza tu. Nimeona bustani mbili zikichimbwa mtaro mzima, kumbe kosa lilikuwa ndani ya swichi ya bandani iliyojaa maji ya paa. Usishike jembe kabla kebo yenyewe, ikiwa imefunguliwa pande zote mbili, haijapimwa ikaonekana mbovu. Swali la 8 linaeleza namna ya kufanya hivyo.

2. Nimezima breka ya banda, lakini breka ya mvujo bado inajizima. Basi banda halina kosa?

Hapana, na swali hili ndilo linalopoteza watu wengi. Breka ndogo ya kawaida hukata laivu peke yake. Nyutro ya banda hubaki imefungwa kwenye baa ya nyutro pamoja na nyutro za nyumba nzima, hata breka ikiwa chini.

Breka ya mvujo hulinganisha stima inayotoka kwa laivu na inayorudi kwa nyutro. Zikitofautiana kwa miliampea 30 lazima ikate, na nyingi hukata kabla ya kufika hapo, mahali fulani kati ya 15 na 30. Sasa tuseme nyutro ya banda imechubuka chini ya ardhi na shaba yake inagusa mchanga wenye maji. Mtu akiwasha pasi sebuleni, stima inayorudi kwa nyutro hupata njia mbili: nyutro yenyewe na udongo. Ile inayopita kwenye udongo haihesabiwi na breka ya mvujo, basi inakata. Pasi ni nzima, banda limezimwa, na bado nyumba iko gizani.

Mzigo mkubwa ndio unaofichua kosa hili. Pasi, birika au jiko la stima huinua volti ya nyutro kidogo juu ya ardhi, labda volti 2. Ikiwa njia ya udongo ina omu 40, volti hizo 2 zinasukuma miliampea 50, nazo zinatosha kukata. Taa mbili tatu huinua nyutro kwa sehemu ndogo tu ya volti, kwa hiyo hakuna kinachotokea. Ukisikia "inajizima tukipiga pasi tu," usikimbilie kununua pasi mpya. Zima kila kitu, chomoa nyutro ya banda kutoka kwenye baa, kisha jaribu pasi tena. Ikitulia, kosa liko upande wa banda.

3. Mwenye nyumba anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe?

Kuangalia lini inajizima, kukumbuka kebo ilipita wapi na kueleza nani alichimba nini, hizo ni kazi za mwenye nyumba, na hakuna fundi anayeweza kumfanyia. Kufungua boksi la breka ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Sababu moja ni ya sheria. Nyingine ni kwamba hata swichi kuu ikiwa imezimwa, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita hubaki na volti 240, sentimita chache kutoka mkono wako ulipo.

4. Kuzima swichi kuu kunatosha kabla ya kuanza?

Zima, funga boksi au mweke mtu hapo asimruhusu yeyote kuwasha, kisha hakikisha kwa kipimo. Kipimo chenyewe kijaribu kwanza mahali penye stima, pima nyaya utakazoshika, halafu rudi ukijaribu tena mahali penye stima. Ile mara ya tatu ndiyo inayokuhakikishia kwamba kipimo hakikufa katikati.

Uliza pia kama bandani kuna sola yenye inveta, au jenereta inayochomekwa kwenye soketi. Siku hizi vyumba vya pampu vingi vina moja kati ya hizo, na stima inaweza kurudi kwenye kebo kutoka upande usioutazamia. Kwa sababu hiyo ninapima kama kuna stima pande zote mbili za kebo, si upande wa nyumba pekee.

## Mega na namba zake

5. Kwa nini mita ya kawaida ya omu haitoshi?

Mita ya kawaida husukuma volti chache tu za betri. Mchubuko mdogo wenye unyevu unaweza kuonekana mzima kwa volti hizo, kisha ukavuja vizuri kabisa kwa volti 240. Mega husukuma volti 250, 500 au 1,000 za mkondo mnyoofu na kupima ni kiasi gani kinapenya kwenye kihami, yaani ile plastiki inayovika shaba. Jibu huja kwa megaomu. Megaomu 1 ni omu milioni moja.

Mita ya kawaida huwa na kazi baadaye, mega ikishaonyesha 0.00. Hapo ndipo unaibadilisha ili ujue kama hiyo sufuri ni omu 2 au omu 4,000, maana kwa mega zote mbili huonekana sawa.

6. Napima kati ya nyaya zipi, na kwa volti ngapi?

Vipimo ni vitatu kwa kila kipande: laivu na nyutro, laivu na waya wa ardhi, nyutro na waya wa ardhi. Viandike vyote vitatu kwenye karatasi, hata kile unachodhani hakina maana. Kwa kebo ya volti 240 kipimo kinachotakiwa ni volti 500. Mimi huanza kwa 250 pale ambapo sijaona bado kilichofungwa upande wa pili, kisha napanda hadi 500 nikishahakikisha.

Kabla ya kubonyeza, nyaya za kebo ziwe zimetoka: laivu kwenye breka yake, nyutro kwenye baa, waya wa ardhi kwenye baa yake. Wengi huchomoa laivu pekee. Nyutro ikibaki kwenye baa unapima nyutro za nyumba nzima kwa pamoja, na kosa la jokofu la jikoni linaweza kukupeleka kuchimba bustani. Waya wa ardhi nao ukibaki umefungwa bandani na nyumbani, utapima mambo ya pande zote mbili bila kujua.

Taa za LED, chaja, swichi za kupunguza mwanga, kidhibiti cha pampu na breka ya mvujo yenyewe zisibaki kwenye njia ya volti 500. Zinaweza kuharibika, na hata zisipoharibika zitaonyesha namba ya chini inayofanana na kosa. Kama kuna kifaa huwezi kukiondoa, unganisha laivu na nyutro pamoja, kisha pima hizo mbili kwa pamoja dhidi ya waya wa ardhi.

Ukimaliza kila kipimo, acha mega imwage chaji kabla hujagusa shaba. Mega nyingi za kisasa hufanya hivyo zenyewe ukiachia kitufe. Tazama volti zikishuka hadi sufuri kwenye kioo.

7. Namba gani ni nzuri na gani ni mbaya?

Kiwango cha chini kinachokubalika kwa volti 500 ni megaomu 1. Lakini hicho ni kiwango cha kufeli, na kebo nzima haitakiwi kukaa karibu nacho. Kebo nzima ya mita 40 huonyesha mamia ya megaomu, mara nyingi zaidi ya upeo wa mega. Ikikupa megaomu 5, imefaulu kwa karatasi, lakini kuna mahali maji yameanza kuingia na masika yajayo utarudi.

Namba mbaya nazo hazilingani. Laivu ikiwa na megaomu 0.3 kwa ardhi, stima inayovuja ni chini ya miliampea 1, na breka ya mvujo haitasema kitu. Ili laivu ivujishe miliampea 30 kwa volti 240 lazima kizuizi kishuke hadi omu 8,000, ambazo kwa mega ni megaomu 0.008, yaani utaona 0.01 au 0.00. Kwa hiyo kebo inaweza kuwa mbovu kwa miezi kabla nyumba haijazimika hata mara moja. Nyutro huhitaji kushuka zaidi ya hapo ndipo ikate, kwa sababu ya volti yake ndogo iliyoelezwa katika swali la 2.

Jambo la mwisho kuhusu namba: vipande vya kebo vilivyoungana huvuja kwa pamoja, kila kimoja kikiongeza chake, basi kipimo cha kebo nzima siku zote huwa chini ya kile cha kipande kibovu kuliko vyote. Kipande cha megaomu 60 kikiungana na cha 0.3, mega inaonyesha 0.3. Kile cha 60 kimefichika kabisa. Ndiyo maana tunafungua kipande baada ya kipande, na ndiyo maana swali la 13 lipo.

## Kufungua kipande baada ya kipande

8. Nianzie wapi?

Kwanza pima ukiwa nyumbani, kebo na banda zikiwa bado zimeungana, ili upate namba ya kuanzia. Kisha nenda bandani ufungue nyaya zote tatu pale kebo inapoingia. Pima mara mbili: kebo pekee, na nyaya za banda pekee. Ndani ya nusu saa unajua kama kosa liko ndani ya banda au njiani.

Kama liko bandani, jembe halihitajiki. Endelea kufungua humo humo: soketi ya pampu, taa ya nje, swichi iliyo ukutani upande wa mvua. Kama liko njiani, tafuta mahali kebo inapofunguka katikati, yaani boksi la jointi, nguzo ya taa ya geti, soketi ya bustani. Fungua pale palipo karibu na katikati, upime kushoto na kulia, upande mzima uuache. Kila ukifungua, unaondoa karibu nusu ya kilichobaki.

Ncha za nyaya ulizofungua ziweke mbali, zisigusane wala kugusa ukuta. Ukuta wenye chumvi peke yake unaweza kukupa megaomu chache za uongo. Funga karatasi yenye jina kwenye kila waya. Jioni mvua ikikukuta na nyaya nyekundu tatu mkononi utaishukuru karatasi hiyo.

9. Je, unaweza kuonyesha kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho?

Hii ilikuwa Muyeye, mwezi wa Mei. Mwenye nyumba ni bibi mstaafu mwenye jiko la nje na chumba cha pampu ya kisima chini ya paa moja, mita 38 kutoka nyumbani. Kebo ya nyaya tatu imepita ndani ya paipu ya plastiki. Katikati, chini ya mwarobaini, kuna boksi la jointi linalotoa tawi la kwenda taa ya geti. Malalamiko yake yalikuwa yale yale: "Mwanangu, nikipiga pasi tu nyumba nzima gizani, na ya jikoni nimeizima tangu jana."

Nilichomoa laivu, nyutro na waya wa ardhi wa banda kwenye boksi la breka, na pasi ikafanya kazi bila tatizo. Kisha mega, volti 250 kwanza. Laivu na ardhi 0.3, nyutro na ardhi 0.00, laivu na nyutro 0.3. Mita ya kawaida ikasema ile sufuri ya nyutro ni omu 40 hivi, na namba ilikuwa ikicheza. Kucheza huko huashiria maji. Shaba ikigusa shaba namba hutulia.

Nikaenda bandani, nikafungua. Nyaya za banda peke yake, pampu ikiwa imechomolewa, zilitoa megaomu 60 kwa volti 500. Si namba ya kujivunia kwa jengo dogo, lakini halikuwa kosa nililolitafuta. Kebo peke yake: nyutro bado 0.00, laivu 0.3. Kosa likawa njiani.

Boksi la mwarobaini lilikuwa na maji ya kimo cha kidole kimoja, na hapo kila mtu aliyekuwa amesimama alisema, "Ndiyo hii!" Mimi pia niliamini kwa dakika moja. Tulikausha, nikatenganisha njia tatu, nikapima kila moja. Kutoka nyumbani hadi boksi: zaidi ya 200 kwa vipimo vyote vitatu. Tawi la geti, taa ikiwa imeondolewa: zaidi ya 500. Kutoka boksi hadi bandani, mita 17: nyutro 0.00, laivu 0.3. Maji ya boksi yalikuwa tatizo la kurekebisha, lakini hayakuwa yanayozima nyumba. Kama ningelifunga vizuri boksi lile na kuondoka, ningerudi kesho yake.

Zilibaki mita 17 zisizo na mahali pa kufungua, nami nikamuuliza bibi swali la 10. Akakumbuka mipapai mitatu iliyopandwa mwaka mmoja na nusu nyuma. Tulichimba kwa mikono kwenye mpapai wa pili, na kwa kina cha sentimita 25 tu tukaiona paipu imekatwa na jembe upande mmoja. Nyutro ilikuwa imechanwa hadi shaba ikageuka kijani. Laivu iliyo jirani ilikuwa na mkwaruzo mwembamba kama uzi, na huo ndio uliotoa ile 0.3. Jembe lilipita kiangazi, kebo ikakaa kimya, mchanga ulipolowa sawasawa nyutro ikapata njia.

Baada ya kukata sehemu mbovu na kuunga upya, kipande kile kilitoa zaidi ya 200, na kebo nzima hadi kwenye boksi la breka 180.

10. Kebo yangu haina jointi yoyote katikati. Nitaigawaje?

Usiikate ili kuigawa isipokuwa umekosa njia nyingine zote, maana kila ulipokata utalazimika kuunga, na kila jointi ya chini ya ardhi ni mahali maji yatajaribu tena.

Anza na ncha. Pale kebo inapopanda kutoka ardhini na kuingia ukutani ndipo inapopinda, inapochomwa na jua na kugongwa na fyekeo. Fukua nusu mita pande zote mbili, ni kazi ya dakika kumi. Kisha uliza kilichofanyika juu ya njia ya kebo tangu ilipozikwa: mti uliopandwa, bomba la maji lililopitishwa, nguzo ya uzio, gari la mchanga lililokwama, choo kilichochimbwa. Uliza kwa majina ya vitu, kwa sababu ukiuliza tu "kuna mtu alichimba?" utaambiwa hakuna. Tazama pia mchwa: kichuguu karibu na njia ya kebo ni sababu ya kufukua hapo, kwa kuwa mchwa hutafuna kihami.

Ukiwa na mahali pa kushuku, fukua kebo kwa mikono bila kuikata. Mara nyingi jeraha huonekana kwa macho. Ikibidi kukata kweli, kata pale ambapo kiungo kitakaa mahali pakavu na rahisi kufikiwa, hata kama si katikati kamili.

11. Hakuna kifaa kinachosema moja kwa moja kosa liko mita ngapi?

Vipo vifaa vinavyotuma mdundo kwenye kebo na kusoma mwangwi wake. Vinafanya vizuri kwa waya uliokatika kabisa au nyaya mbili zilizogusana shaba kwa shaba. Kosa la unyevu lenye maelfu ya omu halivirudishii mwangwi wa maana. Kwa mita 40 za bustani, mega, jembe la mkono na maswali mazuri hufika haraka zaidi. Mega yenyewe haipimi umbali hata kidogo, inakuambia kipande kipi tu.

## Visa vinavyosumbua

12. Nimekuja na mega jua likiwaka na kila kitu kinapima vizuri. Nifanye nini?

Rudi mvua ikinyesha, au uilete mvua mwenyewe. Wakati wa kaskazi mchanga wa huku hukauka kabisa, na waya uliochubuka ndani ya mchanga mkavu unaweza kupima kama mpya.

Kebo ikiwa imefunguliwa pande zote mbili, gawanya njia yake katika hatua za mita tatu tatu. Mwaga mtungi wa lita 20 kwenye hatua ya kwanza kutoka upande wa banda, subiri robo saa, pima nyutro na laivu dhidi ya ardhi, andika. Sogea hatua ya pili. Ukiona namba inatoka mamia hadi makumi, kisha chini ya 1, simama hapo. Nyumba moja ya Casuarina ilihitaji mitungi sita. Namba ilibaki zaidi ya 200 hadi wa tano, kisha wa sita ukaishusha hadi 0.9. Anayemwaga maji asishike kebo wala kusimama penye shaba iliyo wazi wakati wa kupima.

Kasoro ya njia hii ni paipu. Kebo ikiwa ndani ya paipu, maji huingia penye ufa na kutiririka hadi bondeni, kwa hiyo jeraha linaweza kuwa mita kadhaa kutoka ulipomwaga. Fukua kuelekea upande wa chini kwanza.

13. Tumerekebisha kosa, namba imepanda kutoka 0.00 hadi 0.7 tu. Tumefanya vibaya?

Huenda kazi ni nzuri na sasa umeliona kosa la pili lililokuwa limefichwa na la kwanza, kama ilivyoelezwa mwishoni mwa swali la 7. Pima kiungo kipya kikiwa peke yake kabla ya kukifunga na sehemu nyingine, ili usijilaumu bure au kulaumu kebo bure. Kikiwa kizuri, rudia kufungua kipande baada ya kipande kana kwamba unaanza upya. Kebo moja iliyozikwa siku moja na mtu mmoja kwa kina kile kile huwa na majeraha yanayofanana.

14. Nyaya zinapima vizuri zenyewe kwa zenyewe, lakini zikiunganishwa breka inajizima kukiwa na mvua.

Angalia dhidi ya nini umepima. Kwenye kebo ambayo kila waya, hata wa ardhi, umevikwa plastiki yake, laivu inaweza kuchubuka na kugusa mchanga huku waya wa ardhi wa kebo hiyo ukiwa mzima. Kipimo kati yao hakitaonyesha chochote cha maana. Pima laivu na nyutro dhidi ya fimbo ya ardhi ya nyumba, au dhidi ya chuma kilichopigiliwa kwenye mchanga wenye maji karibu na njia ya kebo. Vijana wengi hawafundishwi kipimo hiki cha nne, na kimenitoa kwenye aibu zaidi ya mara moja.

15. Kwa Lamu ni tofauti?

Hatua ni zile zile, ila mashaka yanahamia ukutani. Kuta nene za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kushika chumvi, na kebo inayotoka mchangani hupenya ukuta huo kwa zaidi ya nusu mita kabla ya kufika kwenye boksi. Nikifungua kebo Lamu, hutenga kwanza ule urefu wa ukutani. Ikiwa kebo imeingia bila paipu, chumvi hukaa imeigandama miaka yote. Ukiibadilisha, ipitishe ndani ya paipu iliyoinama kidogo kuelekea nje, ili maji yatoke badala ya kuingia.

## Kurekebisha

16. Tepu nyeusi inatosha kwenye kiungo cha chini ya ardhi?

Haitoshi. Tepu haizuii maji, huyachelewesha tu, na msimu mmoja huisha nao. Kata shaba hadi ufike penye rangi ang'avu. Kijani hutambaa ndani ya kihami mbali kuliko jeraha lenyewe, wakati mwingine sentimita 20 kila upande, na kuunga juu ya shaba ya kijani ni kuzika kosa jipya. Ongeza kipande cha kebo ya unene ule ule ikibidi. Unga kwa viungo vya kubana, kisha ufunge ndani ya kasha la resini linalomiminwa na kuganda. Pima kabla ya kumimina na baada ya kuganda.

Kabla ya kufukia, shusha kebo hadi nusu mita au zaidi palipochimbika, izungushie mchanga laini usio na vipande vya matumbawe, na utandaze mkanda wa tahadhari sentimita 15 juu yake. Chora njia yake kwenye karatasi, yenye vipimo kutoka kona za nyumba, uibandike ndani ya mlango wa boksi la breka. Bibi wa Muyeye aliibandika, na safari hii mipapai ilipandwa upande wa pili.

17. Tukisubiri kifaa cha kuungia, naweza kuendelea kutumia stima ya nyumba?

Ndiyo, ikiwa laivu na nyutro za banda zote zimechomolewa na ncha zake kufunikwa. Usiiondoe breka ya mvujo ili "nyumba ipumue," na usiwashe banda kwa kukata waya wa ardhi. Kukata huko hakuondoi mvujo. Kunauhamishia kwenye mwili wa pampu, na atakayeugusa atasimama miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

18. Lini niache kuunga na nibadilishe kebo yote?

Kosa la pili kwenye kebo ile ile ndani ya mwaka mmoja linanitosha kushauri hivyo. Vile vile ukikata mara ya tatu kutafuta shaba ang'avu na bado unaona kijani, au ukigundua kwamba ni kebo ya ndani ya nyumba iliyozikwa bila paipu. Hapo zika kebo ya nje yenye waya za chuma chini ya ganda lake, kwa kina cha swali la 16. Zile waya za chuma zifungwe kwenye ardhi sawasawa: jembe likizipasua hadi laivu, breka hukata papo hapo, na aliyeshika jembe anakuwa salama zaidi kuliko kama ingekuwa plastiki tupu.